Umeme ukikosa njia ya kurudi

"Nimetumiwa picha ya mchoro wa waya za pikipiki. Taa ya breki inaishia kwenye vimistari vitatu vinavyopungua urefu. Hiyo si ethi, umeme unaingia ardhini? Na mbona nikikanyaga breki inawaka taa ya spidi, ya nyuma haiwaki?"

Hauingii ardhini. Unapita kwenye chuma cha fremu na kurudi hasi ya betri. Usione haya: mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi, nikishinda kwenye banda la fundi jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, bila kujiuliza umeme huo unapenyaje matairi ya mpira. Kilichonipoteza ni alama yenyewe, maana ethi ya nyumba nayo huchorwa hivyo hivyo. Michoro mingine huichora fremu kama reki, mingine haijali. Hata ukiziona alama hizo kumi kwenye ukurasa, zote ni chuma kimoja. Mchoraji amekwepa tu kuchora waya wa kurudi kwa kila taa.

Kosa la pili lilikuwa kufikiri umeme ni kama maji ya mfereji kwenye shamba la mizabibu, yakifika kwenye mche yamekwisha. Fikiria mnyororo wa baiskeli. Upande wa juu unavuta, wa chini unarudi, na gurudumu halili hata pingili moja. Ukate popote, hata upande wa kurudi, na gurudumu linasimama.

Sasa pitisha kidole kwenye picha: mstari mrefu wa betri (chanya), fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya breki, duara lenye msalaba ndani (balbu), fremu, mstari mfupi wa betri. Mistari inapokatana, tafuta nukta nyeusi: ikiwepo, waya zimeungwa. Picha ikiwa na ukungu nukta hupotea, kwa hiyo pima kwa multimita kabla ya kuamini.

Balbu ya nyuma ya kawaida, 12V 21/5W, ina nyuzi mbili zinazotumia ethi moja, yaani njia moja ya kurudi kwenye fremu. Ethi hiyo ikiliwa na kutu, umeme wa breki hupita uzi wa 21W, kisha huingia uzi wa 5W kinyumenyume, unafuata waya wa taa ndogo hadi kwenye balbu ya spidi, na huko mbele unaikuta fremu. Balbu ya spidi ni ndogo, ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa nyuzi zile mbili, hivyo karibu volti zote zinaishia kwake. Ndiyo maana inawaka yenyewe na ya nyuma inabaki giza. Umeme haujakosea njia, umetumia pekee iliyobaki.

Zima taa, shika waya mmoja toka bodi ya soketi ya nyuma hadi hasi ya betri, kisha kanyaga breki. Ya nyuma ikiwaka na ya spidi ikizimika, ethi ndiyo mbovu. Kama umeshaweka balbu ya LED, usitegemee dalili hii, kwa kuwa LED hairuhusu umeme kurudi kinyume.