Jipu la jino linaposhuka shingoni: dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo

Shavu lililovimba kwa jino tumelizoea huku kwetu. Mtu anajifunga kitambaa, ananunua vidonge viwili vitatu duka la dawa, siku zinapita. Mara nyingi uvimbe hupungua, na kwa sababu hupungua, watu hawaoni tofauti unapokuja ule wa kuua. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, na nataka tuuelewe huo mmoja: usaha wa magego ya chini unaposhuka chini ya ulimi na kuingia shingoni.

Nieleze kwanza kwa nini ni magego ya chini. Chini ya ulimi kuna msuli mpana uliotandazwa kama jamvi kutoka upande mmoja wa taya hadi mwingine. Meno ya mbele mizizi yake huishia juu ya jamvi hilo, kwa hiyo usaha wake hutokea kwenye ufizi, unauona na unauonja. Lakini magego mawili ya mwisho mizizi yake hufika chini ya jamvi. Usaha ukitoboa mfupa pale, hauji kinywani. Unaingia kwenye nafasi laini chini ya taya, unavuka kwenda upande wa pili, unausukuma ulimi juu na nyuma, na nyuma ya ulimi ndipo hewa inapopita. Mgonjwa hafi kwa maumivu ya jino. Anafa kwa kukosa pumzi.

Nichukue mgonjwa mmoja, nikimwacha bila jina wala kijiji. Ni mkulima wa Tandahimba, umri wa miaka thelathini na kitu, aliyefika Oktoba korosho zikiwa zimeanza kudondoka. Gego lake la chini kushoto lilikuwa na tundu tangu kiangazi. Alhamisi lilimuuma hadi akashindwa kulala. Ijumaa akanunua amoksilini, vidonge nane tu kwa sababu ndivyo fedha ilivyotosha, na diklofenaki. Jumamosi shavu likavimba. Jumapili asubuhi maumivu yakapungua ghafla, akashukuru, akaenda kuokota korosho.

Hapo ndipo wengi hukosea. Maumivu makali ya jipu hutoka kwenye usaha uliobanwa ndani ya mfupa. Mfupa ukitoboka, mbano unalegea na mtu anapata nafuu, kumbe usaha umepata njia ya kusambaa. Nafuu ya jino huku uvimbe unazidi si kupona.

Jumapili usiku hakuweza kulala chali. Kila akijinyoosha alihisi kitu kinaziba koo, akaishia kuketi na kuegemea ukuta. Alfajiri mkewe alipapasa kanga aliyojifunika mumewe kifuani akaikuta imelowa chapachapa. Akawasha tochi ya simu. Yalikuwa mate, yakimtiririka kwa sababu hakuweza kuyameza. Akamwambia, "Baba Zainabu, hili si jino tena. Twende." Alipojibu, sauti ilikuwa nzito, kama mtu mwenye kipande cha muhogo wa moto kinywani.

Yule mama hakusomea udaktari, lakini alikuwa amekwisha kuziona dalili tatu kati ya zile tunazozitafuta sisi: kushindwa kulala chali, kushindwa kumeza mate yako mwenyewe, na sauti kubadilika. Yoyote kati ya hizo, pamoja na jino bovu, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku.

Kuna mengine mawili unayoweza kuyapima ukiwa nyumbani. La kwanza ni mdomo. Mtu mzima mwenye afya huweza kuingiza vidole vyake vitatu, kile cha shahada na viwili vinavyofuata, vikiwa vimepangwa juu chini kati ya meno ya mbele. Vikiingia viwili kwa shida, na jana vilikuwa vitatu, uvimbe umeanza kuingia kwenye misuli ya kutafunia. Kikiingia kimoja, usingoje asubuhi. Mgonjwa wetu aliingiza kidole kidogo tu. La pili ni kupapasa chini ya taya na chini ya kidevu. Uvimbe wa kawaida hukaa upande mmoja na huwa na ulaini fulani. Ule wa hatari huwa mgumu kama ubao, unauma ukiguswa, na umevuka kidevu kwenda upande wa pili. Mwambie pia ainue ulimi na kuutoa nje. Ukiwa umenyanyuliwa juu na hautoki, ndipo usaha ulipo.

Ukisikia pumzi ina mkoromo au filimbi, au mtu amechanganyikiwa, muda umebaki kidogo sana.

Meno ya juu nayo yana njia yake, nitapita haraka. Uvimbe wa chonge hupanda kwenye jicho. Jicho likifumba, likatokeza nje, mtu akaona vitu viwiliviwili au akapata kichwa kikali na usingizi usio wa kawaida, usaha unaelekea kwenye mishipa ya damu iliyo karibu na ubongo. Huyo naye hangoji.

Njiani mgonjwa aketi, aegemee mbele, mate yatoke nje. Usimlaze kwenye kiti cha nyuma eti apumzike, maana akilala ulimi unarudi na kuziba. Asiyeweza kumeza usimpe uji wala vidonge. Usikande kwa maji ya moto, wala mtu asichanje shingo kutafuta usaha. Zahanati wakiweza kumchoma dozi ya kwanza ya dawa, vema, lakini isiwe sababu ya kumbakiza pale aangaliwe.

Hospitali jambo la kwanza ni njia ya hewa, ndiyo maana anahitaji mahali penye mtaalamu wa usingizi na chumba cha upasuaji, si kiti cha meno peke yake. Kisha dawa za mshipa, kisha tunapasua chini ya taya na kuacha mpira mwembamba unaotiririsha usaha. Vidonge peke yake haviwezi kufika katikati ya dimbwi la usaha, kwa sababu damu haifiki humo. Na jino lenyewe linatoka. Najua inasemwa kwamba jino lililovimba haling'olewi. Ni kweli kwamba ganzi hufanya kazi vibaya penye usaha, na uamuzi wa saa ya kung'oa ni wa daktari. Lakini jino ndilo chanzo, na kumrudisha mtu nyumbani nalo "hadi uvimbe upungue" ndiko kulikowapoteza baadhi yao.

Mkulima wetu alipasuliwa siku hiyohiyo na gego likang'olewa. Siku ya nne akaweza kunywa uji.

Mwenye kisukari, mjamzito na mwenye kinga dhaifu wasisubiri dalili zote hizi. Kwao uvimbe chini ya taya pamoja na homa unatosha. Na umbali nao uhesabiwe. Aliye Mtwara mjini, Lindi mjini au karibu na Ndanda anaweza kufika kabla hali haijabadilika. Aliye ndani ya Liwale, masika, barabara ikiwa tope, aondoke pale vidole vitatu vinapokuwa viwili. Kabla ya kuondoka, mtumishi wa zahanati apige simu hospitali anakompeleka, aseme mambo manne: uvimbe umevuka kidevu au la, vidole vingapi vinaingia, anameza mate au hamezi, anaweza kulala chali au hawezi. Kwa majibu hayo manne, chumba cha upasuaji kitakuwa kimeandaliwa kabla gari halijafika.