Kadi ya kazi katika ushonaji: nguo iko wapi, itakamilika lini, na kitambaa kimeenda wapi

Mwenye karakana ya ushonaji akiulizwa gauni la mteja limefikia wapi, mara nyingi hujibu, "Liko kwa fundi." Jibu hilo linaweza kuwa na maana nne tofauti. Huenda kitambaa bado kiko kwenye mfuko kilimoletwa. Huenda kimekatwa na vipande vimefungwa kamba. Huenda gauni limeshonwa na linasubiri mteja aje kujaribu, au lilipelekwa kwa jirani kutobolewa matundu ya vifungo na halijarudi. Fundi mzuri hushona gauni la kawaida kwa saa chache, lakini mteja analisubiri wiki mbili. Muda huo mwingine wote nguo haishonwi, inakaa. Ndiyo maana katika madarasa yetu ya usimamizi wa karakana hatuanzi na kasi ya cherehani. Tunaanza na mahali nguo inapokaa.

Kifaa cha kwanza ni kadi ngumu ya ukubwa wa nusu daftari. Juu yake huandikwa namba ya oda, jina la mteja, vipimo, mtindo, tarehe ya kujaribu na tarehe ya kuchukua. Kipande kidogo cha kitambaa chenyewe hubanwa pembeni kwa stepla, kwa sababu vitenge viwili vya buluu vikilala rafu moja ni rahisi kuvibadilisha. Chini yake kuna jedwali la hatua: kupokea, kukata, kushona, kujaribu, kumalizia, kukabidhi. Kila hatua ina nafasi ya jina la fundi na tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka.

Wengi huandika tarehe ya kumaliza peke yake, na hapo ndipo kadi inapopoteza nguvu. Kama kukata kumeisha Jumanne na kushona kukaanza Jumatatu iliyofuata, zile siku za katikati hazimo katika kazi ya mkataji wala ya mshonaji. Ukiwa na tarehe moja utamlaumu mshonaji kwamba ni mzito. Ukiwa na mbili utagundua kuwa alikuwa akisubiri zipu ambazo hakuna aliyekwenda kuzinunua.

Tuchukue mfano wa oda ya kwaya, maana oda za sare hufichua kila udhaifu. Kwaya ina watu 30, wanawake 18 wanaotaka magauni marefu na wanaume 12 wanaotaka mashati, wote kwa kitenge kimoja. Oda inakuwa namba 118, na kila nguo inapata namba yake, kuanzia 118/1 hadi 118/30. Namba hizo huandikwa kwenye karatasi ya gundi na kubandikwa upande wa ndani wa kila kipande kilichokatwa, hata mkono na kola. Chaki hufutika vipande vikishikwashikwa, na mkono wa gauni la mtu mwembamba ukiingia kwenye gauni la mtu mnene hutajua mpaka siku ya kujaribu.

Sasa kitambaa. Kwa upana wa inchi 45 uliozoeleka kwenye vitenge, tuseme mkataji amepanga patani na kuona gauni moja linahitaji yadi 3¾ na shati yadi 2½. Magauni yote ni yadi 67½, mashati yadi 30, jumla yadi 97½. Katibu wa kwaya anachukua simu, anagawanya kwa 6, anapata vipande 16 na robo, ananunua 17 vya yadi sita sita. Hesabu yake haina kosa, ila kitambaa hakitatosha.

Kipande cha yadi 6 kikitoa gauni moja kinabakiza yadi 2¼. Shati linataka 2½, kwa hiyo robo yadi tu inalizuia kutoka humo. Ukikata kila gauni na kila shati bila kuunga, magauni yatakula vipande 18, na mashati, mawili kwa kipande, yatakula 6. Ni vipande 24, yaani yadi 144. Lakini kitenge hichohicho kikipatikana kwa vipande vya yadi 12, kila kimoja kinatoa magauni matatu na kubakiza robo tatu ya yadi, au mashati manne na kubakiza yadi 2. Vipande sita kwa magauni, vitatu kwa mashati, jumla yadi 108. Tofauti ya yadi 36 imetokana na urefu wa kipande tu, wala si ustadi wa mkasi. Kwa hiyo mkataji ndiye aulizwe kabla mtu hajakwenda dukani. Aulizwe pia kuhusu maua: kama yote yanatazama juu, vipande vya nguo haviwezi kupangwa vichwa chini, na makadirio yote hapo juu yanaongezeka.

Kitambaa kikifika kipimwe mbele ya aliyekileta, urefu na upana, na kadi iandikwe kilichopimwa badala ya kilichoandikwa kwenye lebo. Kama ni pamba, jaribu kusinyaa kwake. Kata mraba wa sentimita 50 kwenye kipande cha mashati, ambacho kina ziada kubwa, ufue, uanike, upige pasi, kisha upime tena. Ukipata sentimita 48½ kwa urefu, kimesinyaa asilimia 3. Katika yadi 12 hiyo ni zaidi ya theluthi ya yadi, na ile robo tatu iliyokuwa ibaki kwenye magauni inaweza kuimeza. Basi loweka na kukausha vyote kabla ya kukata. Kama ziada yako ingekuwa robo yadi tu, gauni la tatu lingetoka fupi.

Baada ya kukata, kadi ifunge hesabu: kilichopokelewa ni sawa na kilichotumika pamoja na kilichobaki. Kwa oda 118, tukiacha kando kusinyaa na ule mraba wa majaribio, yadi 108 zinapaswa kuwa 97½ za nguo na 10½ za mabaki. Ukikuta mabaki ni yadi 8, zile 2½ zilizopungua zinasema jambo. Ni kiasi cha shati moja. Aghalabu kuna shati lililokatwa vibaya likakatwa jingine kimyakimya, na usipouliza siku hiyo utakuja kuambiwa kitambaa kilikuwa pungufu tangu dukani. Mabaki yenyewe ni mali ya kwaya iliyoyanunua. Yafungwe, yaandikwe 118, na kwenye stakabadhi isemwe mapema kama yatarudishwa au yatashonwa vilemba. Nimeona ugomvi mwingi zaidi juu ya mabaki kuliko juu ya bei ya kushona.

Tarehe ya kukabidhi ndiyo sehemu ambayo wengi hukisia. Mteja anasema wiki mbili, fundi anaitikia. Lakini jibu liko kwenye kadi. Hesabu kadi za nguo zote ambazo hazijakabidhiwa, kisha gawanya kwa wastani wa nguo zinazokamilika kwa siku, ukiutoa kwenye kadi zilizofungwa mwezi uliopita. Tuseme karakana ina nguo 55 zinazosubiri na humaliza 5 kwa siku. Zilizopo zinahitaji siku 11 za kazi. Sare 30 za kwaya zinaongeza siku 6. Ni siku 17. Kwa karakana inayofunga Jumapili tu, oda iliyoanza Jumatatu itakamilika Ijumaa ya wiki ya tatu, na kwaya inaitaka Jumamosi ya wiki ya pili, siku ya 12. Pengo la siku tano linaonekana kabla ya kupokea kianzio, wakati bado mnaweza kuzungumza: magauni yatangulie na mashati yafuate, au sehemu ya kazi ipelekwe kwa karakana nyingine, au tarehe isogezwe.

Hesabu hii ina mpaka wake. Panga zile kadi 55 kwenye ubao wenye mifuko, mfuko mmoja kwa kila hatua. Tuseme unakuta 6 kwenye kukata, 14 kwenye kushona, 4 kwenye kumalizia, na 31 kwenye kujaribu. Mwenye karakana anayeona rundo la nguo huwaza kuajiri fundi wa tano. Angeajiri, rundo la kujaribu lingekua zaidi, kwa sababu zile 31 zinawasubiri wateja ambao hawajaja. Mbele ya cherehani kuna nguo 20 tu za kukatwa na kushonwa, kazi ya siku nne. Ukiongeza siku 6 za sare, ni siku 10.

Je, basi mwambie mwalimu wa kwaya siku 10? Katika mwezi mtulivu, ndiyo. Kuelekea Krismasi au Idi, mimi ningeandika 17, kwa sababu wale 31 watakuja wiki moja wote, kila mmoja na kiuno cha kupunguza au pindo la kushusha, na marekebisho hayo yatawatoa mafundi kwenye sare. Dawa yake ni tarehe ya kujaribu iandikwe kwenye stakabadhi pamoja na sharti lake: asiyefika siku hiyo, nguo yake inarudi nyuma ya foleni. Vivyo hivyo kwa vipimo. Siku 17 za kwaya zinaanza kuhesabiwa siku mwimbaji wa mwisho alipopimwa na kitambaa kikapokelewa chote, si siku katibu alipokuja kuulizia bei.

Ukitumia jedwali la kompyuta au la simu, weka nguo moja kwa kila mstari, na safu ya D iwe ya hatua ilipo. Idadi ya zinazosubiri kujaribiwa utaipata hivi:

```
=COUNTIF(D:D,"kujaribu")
```

Jedwali hilo ni la kuhesabia. Kadi ngumu isiachwe, maana fundi mwenye uzi mkononi hatafungua simu kuandika tarehe, lakini kalamu iliyofungwa kwa kamba kando ya cherehani ataishika.

Hatua inayosahaulika zaidi ni kazi ya nje. Shati lenye vifungo saba mbele, mara 12, ni matundu 84, na karakana nyingi ndogo huyapeleka kwa mwenye mashine yake. Nguo zikitoka mlangoni kadi zibaki ubaoni, katika mfuko ulioandikwa "nje", na daftari la kutoka lisainiwe kwa idadi: mashati 12, namba 118/19 hadi 118/30. Yakirudi yahesabiwe na matundu yakaguliwe kabla aliyeyaleta hajaondoka. Tundu lililotobolewa pasipo mahali pake haliwezi kuzibwa bila kuonekana. Hapo panahitajika kipande kipya cha mbele, na yadi mbili mbili zilizobaki kwenye vile vipande vitatu vya mashati ndizo zitakazokitoa, kwa hiyo mabaki yasirudishwe kwa kwaya kabla ya shati la mwisho kufungwa vifungo.