Protekta mpya, na simu haikitambui kidole tena

Mama mmoja anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, hapa Busia, upande wa Uganda, alinijia asubuhi na simu mkononi. "Mwanangu, tangu jana nibadilishiwe protekta, simu inakataa kidole changu. Inataka PIN tu." Alikuwa amejaribu kukisajili upya mara mbili, na mara zote usajili ulikwama katikati.

Hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Kidole cha zamani kikikataliwa lakini usajili mpya ukapita, basi simu ilikuwa imekariri kidole bila protekta hiyo, na kusajili upya kunatosha. Usajili wenyewe ukigoma, protekta ndiyo inayozuia.

Simu ya mama husoma kidole chini ya skrini kwa mawimbi ya sauti tusiyoyasikia. Yanapita kwenye kioo na gundi, lakini yakikuta hewa hurudi. Nilipoiinamisha simu kwenye mwanga wa mlangoni nikaona: gundi ilikuwa pembeni tu, katikati pamebaki nafasi. Simu zinazomulika kidole kwa mwanga mkali huvumilia zaidi nafasi hiyo, ila nyingi husumbuliwa na protekta nyeusi za kuzuia jirani asichungulie, maana zinakata mwanga.

Nikaibandua. Bila protekta kidole kilisajiliwa mara moja, kwa hiyo kisomaji kilikuwa kizima. Nikamwekea filamu laini yenye gundi kote, ile inayobandikwa kwa maji, nikakamua maji yote, nikamwambia arudi jioni ikishakauka.

Jioni tuliingia `Settings`, kisha `Security`, kisha `Fingerprint`, akaandika PIN, tukafuta vidole vyote vya zamani. Aliosha mikono, maana chumvi ya samaki hukausha ngozi na mistari ya kidole hufifia. Nikamwomba aishike simu kama anavyoishika sokoni, aweke dole gumba, ainue, aweke tena akisogeza kidogo: katikati, ubavu huu, ubavu ule, ncha. Kisha tukasajili dole gumba lilelile mara ya pili kama kidole kingine, ili simu iwe na sampuli nyingi za kulinganisha. Kwenye simu za Samsung huwasha pia `Touch sensitivity`, iliyo ndani ya `Display`.

Kuna jaribio ambalo siliruki kamwe: kugusisha kidole ambacho hakijasajiliwa. Oktoba 2019 Samsung ilikiri kwamba Galaxy S10 na Note10 zilikuwa zikisoma michoro ya baadhi ya makava ya silikoni yanayofunika skrini kana kwamba ni alama za kidole, na mtu mwingine angeweza kufungua simu. Nilijaribu dole gumba langu, kisha kidole cha shahada cha mama. Vyote vikakataliwa. Kimojawapo kingekubaliwa, ningebandua filamu ile na kufuta usajili palepale.

Alipofungua programu ya benki, ilidai nenosiri badala ya kidole. Akashtuka. Nikamweleza kwamba programu nyingi za benki hufuta ruhusa ya kidole zikiona kidole kipya kimesajiliwa, hata kama ni chako. Aliandika nenosiri, akawasha upya kuingia kwa kidole.