Mtoto akibana choo: lainisha kwanza, poti baadaye

Mama mmoja kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, alimleta kliniki binti yake wa miaka miwili na miezi minne, akasema mtoto anaharisha wiki ya pili sasa. (Mambo madogo ya kisa hiki nimeyabadilisha ili familia isitambulike.) Chupi zilichafuka mara nne au tano kwa siku, na dada anayemlea mtoto alikuwa amechoka kufua. Nilipomlaza na kugusa tumbo, chini ya kitovu upande wa kushoto, nilipata donge gumu linalobonyea kidogo kama udongo wa mfinyanzi. Mtoto huyu hakuwa anaharisha. Alikuwa amefunga choo, na ule uchafu mwepesi ulikuwa ukipenya kandokando ya donge na kuvuja bila yeye kuhisi.

Nilimuuliza mama poti ilianza lini. Akaniambia shule ya chekechea waliyoichagua haipokei mtoto mwenye nepi, na zilikuwa zimebaki wiki sita shule zifunguliwe. Basi Ijumaa moja nepi zikaondolewa zote. Kila baada ya chakula mtoto alikalishwa kwenye poti na kuambiwa hainuki mpaka atoe. Jambo ambalo hakuna aliyelihusisha na poti ni kwamba mwezi huohuo mtoto alikuwa akinywa vikombe vinne vikubwa vya maziwa kwa siku na kula chakula kidogo sana, na choo chake kilikuwa kimeanza kutoka kama vijiwe. Siku ya tatu ya poti alitoa choo kikubwa kilichomchana, akalia sana. Tangu siku hiyo akiiona poti anakimbilia nyuma ya kochi.

"Lakini daktari, anajaribu," mama akanieleza. "Anasimama kwa ncha za vidole, anashika meza, anajikaza mpaka anatetemeka. Hakitoki tu."

Hapa ndipo wazazi wengi huteleza, na siwalaumu, kwa maana kwa macho inafanana kabisa na kusukuma. Mtoto anayesukuma huchuchumaa, magoti yakaenda juu. Anayesimama wima, akanyoosha miguu au kuipishanisha, akabana matako na kujificha pembeni, huyo anazuia. Choo kikifika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ukuta wake hutanuka na kumpa mtoto ishara. Msuli wa ndani wa mlango wa haja hulegea wenyewe, lakini wa nje anaumiliki yeye. Akiubana dakika chache, hamu hupita na choo hubaki ndani. Utumbo huendelea kunyonya maji yake, kwa hiyo kesho kitakuwa kigumu na kinene zaidi, kitauma zaidi, naye atakuwa na sababu kubwa zaidi ya kubana. Wiki zikipita, ukuta huo hutanuka mpaka ishara inafifia. Wakati huo ukimwambia "mbona hukusema?" unamuonea, kwa kuwa kweli hakuhisi. Wengine huanza hata kujikojolea, maana donge hukandamiza kibofu.

Nyanya wa mtoto, aliyekuwa amekuja naye, aliuliza swali la haki: mbona wao walianza watoto mapema na hawakupata shida kama hii? Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 kuhusu Wadigo wa Pwani yetu ulieleza akina mama wanaoanza mtoto akiwa na wiki chache tu, na kufikia miezi mitano au sita watoto wengi hawachafui ndani. Ukiangalia walivyofanya, mama aliketi chini, akanyoosha miguu, akamweka mtoto katikati na kutoa sauti ya "shuu" ya kumpa ishara, tena na tena mchana na usiku. Mtoto akitoa, ananyonyeshwa au anabembelezwa. Hapakuwa na kulazimishwa wala adhabu, na mtoto mchanga anayenyonya kwa kawaida ana choo laini. Kwa hiyo mimi siogopi umri peke yake. Ninachoogopa ni tarehe ya mwisho, sauti kali na choo kigumu vikikutana kwa mtoto wa miaka miwili, umri ambao tayari anapigania kuwa na sauti juu ya mwili wake.

Kwa binti huyu tulianza kwa kurudisha nepi na kuficha poti. Mama alishtuka, akaona tumerudi nyuma. Lakini mtoto anayebana akipewa nepi na akakubali kutoa choo ndani yake, hayo ni mafanikio. Kisha tukaondoa donge kwa dawa ya unga ya poliethilini glikoli, ambayo famasi huijua pia kama makrogoli. Hukorogwa kwa maji, na huzuia choo kisikauke. Kuondoa donge huhitaji gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 3 hadi 6. Yeye alikuwa na kilo 12, hivyo alianza na gramu 12. Siku mbili za kwanza uchafu ulizidi, nami nilikuwa nimemtahadharisha mama asiache. Siku ya tatu donge likatoka. Baada ya hapo tukashuka hadi gramu 5 hivi kila siku. Ikikosekana dawa hii, laktulozi hutumika. Kipimo chochote kati ya hivi apange mhudumu wa afya aliyempima mtoto.

Papai, machungwa, maharagwe na maji ni vizuri, na maziwa tuliyapunguza yasizidi nusu lita kwa siku, ila chakula peke yake hakiondoi donge lililokwisha kukaa. Kipande cha sabuni kuingizwa kwenye mlango wa haja, kama wanavyofanya majumba mengine, naomba kiachwe kabisa: kinachoma, na kinamthibitishia mtoto kwamba huko nyuma hutokea maumivu tu.

Poti ilirudi baada ya wiki saba, choo kikiwa laini kila siku. Tuliitafuta kwanza dalili ya utayari: anakaa saa mbili mkavu, anashusha suruali mwenyewe, anafuata maagizo mepesi, na anasema kabla ya kutoa, si baada. Watoto wengi hufika hapo kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Alianza kwa kutoa choo ndani ya nepi akiwa amesimama msalani, kisha akiwa ameketi kwenye poti na nepi yake. Aliketi dakika tano tu baada ya kifungua kinywa na chakula cha jioni, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka. Nyayo zake ziligusa sakafu. Kwenye choo cha watu wazima miguu ikining'inia mtoto hana pa kujikazia, basi muwekee kigoda. Kwa wanaotumia choo cha ploti, chenye giza na shimo, poti ibaki ndani ya nyumba. Hofu ya shimo hilo inatosha kumfanya mtoto abane.

Ziko dalili zinazotaka kliniki bila kungoja: tumbo kufura pamoja na kutapika, homa, kupungua uzito, miguu kulegea, damu nyingi kwenye choo, au mtoto aliyekuwa na shida hii tangu mwezi wake wa kwanza, hasa kama choo chake cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa.

Shule ilipoletewa barua ya kliniki ilikubali nepi. Mwezi wa nne wa matibabu binti aliiomba poti mwenyewe. Mama alitaka kuacha dawa wiki hiyohiyo, nikamkatalia: tulisubiri mpaka poti ikawa mazoea na mwezi mzima ukapita bila kubana, ndipo tukaipunguza kidogo kidogo.