Springi ya stendi ya pikipiki: inapovutwa zaidi ndipo haizungushi kabisa

Dereva mmoja wa bodaboda anayebeba abiria kati ya Pongwe na mjini Tanga alifika gereji kwetu Ngamiani na lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi. Stendi yake ya pembeni ikipandishwa inakaa, lakini akiingia njia ya vumbi yenye mashimo inapigapiga mpaka abiria anauliza kuna nini huko chini. Alikuwa ameshaambiwa kijiweni kwamba springi imekufa, naye hakukubali.

"Fundi, springi ni ngumu," akaniambia. "Nikishusha stendi mguu unaisikia kabisa. Sasa mbona inapigapiga?"

Alikuwa sahihi kwamba springi ni ngumu, na wa kijiweni walikuwa sahihi kwamba imechoka. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ili kuona namna gani inabidi kuondoa dhana kadhaa tulizozizoea.

Dhana: Kadiri springi inavyovutwa ndivyo inavyoizungusha stendi kwa nguvu zaidi.

Hapa ndipo penye kosa kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Stendi ni wenzo. Bolti ndiyo egemeo lake. Ncha moja ya springi imenasa kwenye ndoano ya fremu, ncha nyingine kwenye ndoano ya stendi. Springi ina kazi moja tu inayoijua, kuvuta ndoano hizo mbili zikaribiane kwa mstari ulionyooka. Kuzunguka kwa stendi kunategemea mstari huo unapita umbali gani kutoka kwenye bolti. Umbali huo, ukipimwa kwa pembe mraba kutoka bolti hadi kwenye mstari wa springi, ndio mkono wa nguvu. Nguvu ya kuzungusha ni mvuto wa springi mara mkono huo. Watu wengi hupima kutoka bolti hadi ndoano ya stendi na kudhani wamepata mkono. Urefu huo haubadiliki hata kidogo stendi ikizunguka, ila mkono hubadilika kila nukta kwa sababu pembe inabadilika.

Kwenye pikipiki ile, ndoano ya fremu iko milimita 40 kutoka bolti, na ndoano ya stendi iko milimita 80. Springi mpya ya aina hiyo ina urefu wa milimita 80 ikiwa haijavutwa, na kila milimita unayoivuta inaongeza niutoni 5, yaani kama nusu kilo ya mizani. (Springi ambayo koili zake zimebanana huwa na mvuto kidogo hata kabla hazijaachana. Hesabu hii imeuacha nje.)

Kuna mahali pamoja ambapo ndoano ya fremu, bolti na ndoano ya stendi hukaa kwenye mstari mmoja, bolti ikiwa katikati. Hapo stendi inaelekea chini wima. Springi ina urefu wa 40 na 80, yaani milimita 120, na haiwezi kuwa ndefu zaidi ya hapo. Inavuta niutoni 200, sawa na kilo 20 hivi. Lakini mstari wake unapita juu ya bolti yenyewe, mkono ni sifuri, na nguvu ya kuzungusha ni sifuri. Kilo 20 zote zinaishia kuibana bolti.

Tazama kinachotokea stendi ikizunguka kutoka hapo kuelekea nyuma. Nyuzi 90 ndipo inapolala, imepandishwa.

| Pembe kutoka mstari wa katikati | Mvuto (niutoni) | Mkono (milimita) | Nguvu ya kuzungusha (niutoni-mita) |
|---|---|---|---|
| 0 | 200 | 0 | 0 |
| 30 | 182 | 13.7 | 2.5 |
| 60 | 129 | 26.2 | 3.4 |
| 90 | 47 | 35.8 | 1.7 |

Mvuto unashuka safari nzima, mkono unakua safari nzima, na zao lao linapanda kisha linashuka. Kilele kiko karibu na nyuzi 55 hadi 60. Hapo ndipo mguu wa dereva unapousikia ugumu anapoishusha stendi. Mahali ambapo stendi inahitaji kushikiliwa, yaani nyuzi 90, springi imebaki na nusu tu ya kilele hicho.

Dhana: Springi ikiwa ngumu mguuni, bado nzima.

Niliitoa springi ya dereva yule na kuilaza mezani kando ya rula. Milimita 84. Imerefuka milimita 4 tu, na kwa macho huwezi kuiona kasoro.

Sasa rudia hesabu. Kwenye mstari wa katikati inavuta niutoni 180 badala ya 200, imepungua sehemu moja ya kumi. Kwenye nyuzi 60, pale mguu unapopima, inazungusha kwa 2.9 badala ya 3.4. Mguu gani utatambua tofauti hiyo? Lakini kwenye nyuzi 90 urefu kati ya ndoano ni milimita 89.4. Springi mpya ilikuwa imevutwa milimita 9.4 hapo, hii imevutwa 5.4. Nguvu ya kuzungusha imeshuka kutoka 1.7 hadi chini kidogo ya 1. Zaidi ya theluthi imekwenda, na imekwenda mahali ambapo mguu haupimi.

Stendi ile ina uzito wa gramu 600 hivi, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 11 kutoka bolti. Ikiwa imelala, uzito wake unaizungusha kushuka kwa takribani 0.65. Pikipiki ikisimama, springi bado inashinda, ndiyo maana stendi inakaa. Kwenye shimo, gurudumu likirushwa juu, stendi inakuwa kama imeongezewa uzito. Springi mpya inavumilia mpaka uzito uwe mara mbili na nusu. Ile ya milimita 84 inashindwa ukifika mara moja na nusu, na mara moja na nusu ni shimo la kawaida kabisa.

Nilimtoa wasiwasi kwa jambo moja. Kupigapiga si sawa na kushuka moja kwa moja. Stendi ikitoka nyuzi 90 kuelekea chini inaingia eneo ambalo springi inazungusha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inarudishwa. Hatari yenyewe iko mbele kidogo. Springi ikirefuka mpaka milimita 89.4 itakuwa imelegea kabisa stendi ikiwa juu, ndoano itachomoka kwenye tuta, springi itabaki barabarani, na stendi itaning'inia bila mshikaji. Stendi iko kushoto, na pikipiki ikilala kushoto kwenye kona ndiyo ya kwanza kugusa lami.

Dhana: Springi kali zaidi itahamisha mahali stendi inapogeuza upande.

Hapana. Mahali hapo panaamuliwa na nukta tatu tu: bolti na ndoano mbili. Weka springi ya lori, bado stendi itageukia palepale. Kama stendi yako ikishushwa inataka kurudi nyuma yenyewe, usinunue springi. Vuta uzi kutoka ndoano hadi ndoano ukiwa umeishusha stendi, uone unapita upande gani wa bolti na kwa milimita ngapi. Kwenye pikipiki ile stendi ikishuka inavuka mstari wa katikati kwa nyuzi 20, na uzi unapita milimita 9 mbele ya bolti. Ndoano ikipinda, au tundu la bolti likilika kwa milimita 2 au 3, unaiona sehemu ya hizo 9 ikiliwa.

Dhana: Ukikata koili chache, springi inakuwa mpya.

Ushauri huu alipewa kijiweni. Tuseme springi ina koili 20 za waya wa milimita 2.5, ukate 4. Inafupika kwa milimita 10, kutoka 84 hadi 74. Lakini koili zikipungua springi pia inakuwa ngumu zaidi, maana urefu uleule wa kuvutwa unagawanywa kwa koili chache: sasa kila milimita ni niutoni 6.25. Stendi ikiwa juu itashikwa vizuri sana, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Kwenye mstari wa katikati mvuto unafika niutoni 287, karibu kilo 29 badala ya 20, kila mara unapoipandisha na kuishusha. Na ndoano mpya imekunjwa kwa moto wa gesi, ambao unaulainisha waya mahali hasa panapobeba mvuto wote. Nimeokota ndoano za namna hiyo zilizokatika shingoni.

Dhana: Ikishavuka katikati, stendi inakwenda kwa mwendo mmoja hadi juu.

Iangalie polepole. Karibu na mstari wa katikati mkono ni mdogo mno, kwenye nyuzi 10 bado ni milimita 4.6 tu, kwa hiyo stendi inaanza kivivu. Kadiri inavyosogea mkono unakua, kinachokua kinaisogeza zaidi, na mwendo unalipuka. Inaendelea kuongeza kasi hata baada ya kilele cha nyuzi 60, kwa kuwa nguvu imepungua lakini haijageuka upande. Springi mpya inaachia jouli 3.8 kutoka katikati hadi juu, 0.65 zinatumika kuinua uzito wa stendi, zinazobaki zinakuwa mwendo. Kwa stendi ya sentimita 22, msuguano ukiwa mdogo, ncha yake inagonga kizuizi kwa mita 5 hivi kwa sekunde. Mlio ule wa "pa!" ndio jouli hizo. Usiweke kifundo cha mguu njiani.

Dereva alinunua springi ya milimita 80, na sikuivuta kwa bisibisi. Niliibana ncha moja kwenye jiliwa, nikaipinda huku na huku, kila koili mbili zilipoachana nikachomeka washa ya milimita moja na nusu. Washa 8 zinaongeza milimita 12, springi inakaa kwenye 92, na nafasi kati ya ndoano stendi ikiwa juu ni 89.4, kwa hiyo iliingia kwa vidole. Kisha nikaisukuma stendi hadi mstari wa katikati. Pale kila koili inaachana na jirani yake kwa milimita 2, washa zikalegea, zote 8 zikadondoka sakafuni. Nilizihesabu kabla hajawasha pikipiki.