Muda wa kufungua kesi huanza kuhesabiwa siku gani?

Mwezi wa Aprili 2025 alikuja ofisini kwangu mteja mwenye bahasha mbili. Ya kwanza ilihusu ajali ya gari ya tarehe 10 Machi 2022 iliyomvunja mguu, na ya pili fedha alizomkopesha mtu mwaka 2018. Aliamini kwamba deni, kwa kuwa ni la zamani zaidi, ndilo lililopitwa na muda, na kwamba ajali bado anaweza kuidai. Ilikuwa kinyume chake.

Kwa sheria za Kenya na Tanzania, aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua kesi ya fidia, na anayedai kwa mkataba, ukiwamo wa mkopo, ana miaka 6. Wengi wanaokuja kwangu wanaijua miaka hiyo. Wanachokosea ni siku ya kuanzia.

Kwa ajali, muda ulianza siku alipogongwa, nao ukaisha Machi 2025. Bahasha ilijaa barua za kampuni ya bima, ya mwisho ikiwa ya Januari mwaka huo, ikisema kwamba dai lake linaendelea kushughulikiwa. Nilizisoma zote, na hakuna hata moja iliyokiri kwamba anastahili kulipwa. Mazungumzo ya namna hiyo hayasimamishi muda, hata yakienda miaka yote mitatu. Anayetaka kuwa salama hufungua kesi mahakamani na kulipia ada kabla ya siku ya mwisho, kisha akaendelea kuzungumza na bima. Yapo maombi ya kuongezewa muda, lakini masharti yake ni magumu, na iliniuma kumweleza hivyo mtu ambaye bado anachechemea. (Aliyeumia akiwa mtoto huhesabiwa tofauti, kwani muda wake huanza anapofikia utu uzima.)

Kuhusu deni, fedha zilitolewa Machi 2018 na zilitakiwa kurudishwa ifikapo tarehe 30 Juni 2018. Muda hauhesabiwi tangu siku ya kukopesha, bali tangu mdaiwa alipovunja ahadi ya kulipa, kwa hiyo miaka 6 ingeisha katikati ya mwaka 2024. Hata hivyo, ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya tarehe 15 Agosti 2021, ambayo mdaiwa aliandika kwamba amelipa sehemu ya deni na kwamba salio bado analo, akatia sahihi. Kwa kuwa alikiri hivyo kabla muda haujaisha, miaka 6 ilianza upya siku hiyo, na mteja wangu ana hadi Agosti 2027. Kama angeahidi kwa mdomo tu, kwa simu, tusingekuwa na la kushika.

Karatasi yenyewe ilichanwa kwenye daftari, na wino wa sahihi umeanza kufifia. Niliipiga picha palepale, kabla hata ya kuanza kuandika hati ya madai.