Kabla hamjajiita Mabingwa: jina la klabu ya dibeti linalosimama na bado linakaribisha

Mi ni mlezi wa klabu za shule, dibeti na drama, na kila mwaka shule zikifunguliwa naanza kupata meseji zinazofanana: tumeanzisha klabu, tunataka jina kali, tusaidie. Neno ni hilohilo, kali. Alafu wakinitumia orodha nakuta Mabingwa wa Hoja, Simba wa Jukwaa, Ndimi za Moto, Vichwa, Wakali wa Maneno. Yote yanasikika vizuri mkiwa nyie wenyewe chumbani, shida ni kwamba jina halikai chumbani, linaenda kwenye ubao wa matangazo na pale anasimama mwanafunzi mgeni ambaye sauti inamtetemeka akiulizwa swali darasani, anasoma "Mabingwa wa Hoja", na anachoelewa ni kwamba hao tayari ni mabingwa, yeye sio, basi anapita zake. Na huyo ndo mlikua mnamtaka.

Sasa angalieni majina yale yote yana kitu gani kimoja. Yote yanawasifu watu. Yanasema sisi ni nani na tuko juu kiasi gani. Jina la namna hiyo likishataja sifa, aliye nje anajipima, hana hiyo sifa, mlango umefungwa bila mtu kuufunga. Majina yanayovuta watu mara nyingi yanataja kitu kingine kabisa, yanataja kinachofanyika pale, au mahali kinapofanyika, au kifaa. Mfano ninaoupenda ni kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge lililoanza 1883, wanajiita Footlights, yaani zile taa za chini kabisa mbele ya jukwaa zinazomulika waigizaji. Hawajajiita nyota wala magwiji, wamechukua taa tu, na wamejaza majukwaa mpaka leo. Toastmasters, zile klabu za kujifunza kuongea mbele za watu, nao vilevile. Ralph Smedley alipoanza kuwafundisha vijana kuongea mbele za watu mwaka 1905 alichukua jina la yule mtu anayeongoza hotuba kwenye karamu, yaani kazi ambayo yeyote anaweza kupewa zamu ya kuifanya. Sio sifa ya kuzaliwa nayo.

Mtaniambia, sasa jina la taa litakua na kujiamini kweli? Hapo ndo watu wanachanganya. Kujiamini kwa jina hakutoki kwenye maana yake peke yake, sehemu kubwa inatoka kwenye namna linavyotamkika. Jina likiwa fupi na likiishia na sauti wazi, linatoka kifuani. Jaribu kupiga kelele "Jukwaa!" halafu piga kelele "Umoja wa Wanamidahalo Chipukizi!", utaona lile la pili pumzi inaisha kabla ya jina. Silabi nne au tano zinatosha. Irabu ya mwisho nayo ina kazi yake, "a" inafungua mdomo na inafika nyuma ya ukumbi, "i" na "u" zinabana, sio kwamba ni marufuku ila ukiwa na majina mawili yanalingana chukua linaloishia na "a".

Na hilo jina refu rasmi msidhani litabaki refu. Watu watalikata tu, na hamtakua na usemi kwenye namna watakavyolikata. Kuna klabu moja ilijiandikisha Muungano wa Hoja na Maigizo, wenyewe wakafupisha MUHOMA wakaona poa sana, haikupita muda shule nzima inawaita Homa. "Leo Homa wana mazoezi." Basi kabla hamjapitisha kitu andikeni herufi za mwanzo na vifupisho vyote vinavyowezekana, mkavisome kwa sauti mbele ya mtu mtundu.

Ngoja niwapitishe kwenye klabu moja niliyoitwa kusaidia, ya dibeti, maana pale mambo yote yalijitokeza. Walikua wamebakiza majina manne: Mabingwa wa Hoja, Ndimi za Moto, Tuseme, na Leta Hoja. Wengi walikua upande wa Ndimi za Moto, na mi sikubishana nao, nikawaambia tuliweke kila jina kwenye sentensi ambazo litaishi nazo. Ya kwanza ni ya emsii: "Wanaopanda sasa ni..." Ya pili ni ya mwanachama akiulizwa na rafiki: "Mi niko..." Ya tatu ni ya mwaliko: "Njoo..." Na ya nne, ambayo watu huwa hawaifikirii, ni ya siku ya kushindwa: "Leo wameshindwa..."

Mabingwa wa Hoja lilikufa kwenye ya nne. "Leo wameshindwa Mabingwa wa Hoja", ukumbi mzima unacheka, na kwenye dibeti mtashindwa tu, hakuna timu isiyoshindwa. Lilikua limeshaumia kwenye ya pili pia, mwanachama wa wiki ya kwanza anaona aibu kusema "mi niko Mabingwa" wakati hajawahi hata kushika maiki.

Ndimi za Moto lilipita sentensi zote nne bila shida, ndo maana nikaongeza jaribio ambalo ni la dibeti tu. Nilimchukua msemaji wao mzuri kuliko wote nikampa nusu dakika, jifanye wewe ni upande pinzani, fungua hotuba yako kwa kulitania hili jina. Hakumaliza hata huo muda. Akasimama akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, wenzetu wanajiita Ndimi za Moto, ila tangu wameanza kuongea sijahisi hata joto." Chumba kilivunjika mbavu, na mjadala wa jina hilo uliishia hapo. Jina lenye majivuno linampa mpinzani utani wa bure kwenye sentensi yake ya kwanza, na majaji wakishacheka umeanza ukiwa nyuma.

Tuseme lilikua zuri, na linaonesha kitu ambacho Kiswahili kinatupa bure. Ile "tu" ya mwanzo inamchukua anayesoma inamuweka ndani. Ukisema "Sema" unaamrisha, ukisema "Wasemaji" umewatenga wenye kipaji, ukisema "Tuseme" mmeshakua wote. Ila lina kasoro moja ya uwanjani, msemaji wa dibeti anasema "tuseme" kila baada ya sentensi mbili, tuseme serikali imekubali, tuseme bei imepanda. Kila akilisema watu wanageuka kuangalia timu. Kwa klabu ya drama au ya mashairi ningelichukua bila kuuliza mara mbili.

Likabaki Leta Hoja, ambalo mwanzoni lilikua na kura chache kuliko yote kwa sababu walisema limepoa. Litieni kwenye sentensi. "Wanaopanda sasa ni Leta Hoja" linasimama. "Mi niko Leta Hoja" halina aibu. "Leo wameshindwa Leta Hoja" linauma kidogo ila halichekeshi. Kwenye mwaliko ndo linazidi yote maana lenyewe ni mwaliko: una wazo? Leta. Ni amri, kwa hiyo lina ule ukali waliokua wanautaka, ila ni amri inayokuomba kitu ulichonacho tayari, kila mtu ana hoja hata kama hajui kuisimamia. Mpinzani alijaribu kulitania akaambulia "wanatuomba hoja kwa sababu wao hawana", na timu ikagundua papo hapo jibu la kumrudishia: "tumeomba, bado tunasubiri." Jina likitaniwa alafu likakupa jibu, limekomaa.

Lakini hata hapo sikuwaacha wapige kura wao kwa wao. Waliomo ndani hupenda jina linalowasifu, ni kawaida ya binadamu, na mkipiga kura bila kutoka nje mtarudi kwenye Mabingwa. Tulichofanya ni kuandika Leta Hoja na lile Ndimi za Moto walilolipenda mwanzoni, kila moja kwenye karatasi yake peke yake bila maelezo wala picha, tukawapelekea wanafunzi ambao hawako kwenye klabu yoyote, hasa wakimya. Na usiwaulize "lipi zuri?", watakuchagulia kali lilelile. Uliza maswali mawili: unadhani hawa wanafanya nini, na je ukipita mlangoni ungechungulia? Kwa Ndimi za Moto majibu ya swali la kwanza yalitawanyika, kuna waliosema kwaya, kuna waliosema kikundi cha dini, mmoja akasema wanakula pilipili. Kwa Leta Hoja karibu wote walisema mjadala. Swali la pili halikuhitaji kuhesabu sana baada ya hapo.

Jambo dogo kuhusu kukusanya majina yenyewe, fanyeni kwa karatasi zisizo na majina ya waandishi. Mkitaja kwa mdomo, la yule maarufu litapita hata kama ni bovu, na yule mkimya mwenye jina zuri hatalitoa kabisa. Leta Hoja lilitoka kwenye karatasi kama hizo na mpaka leo sijui aliandika nani.

Kwa wenzangu wa drama utaratibu ni uleule, kinachobadilika ni lile jaribio la mpinzani, nyie hamna mpinzani ila mna mtangazaji na mna bango. Andikeni jina juu ya kichwa cha igizo mtakalocheza mkaone kama vinagombana. Kundi linalojiita Vichekesho Tupu siku likicheza msiba watu watakaa wakisubiri kucheka, watacheka pasipostahili. Majina ya vitu vya jukwaani kama Pazia au Taa yanabeba kichekesho na huzuni vilevile. Zamu Yako nalo nimeliona likifanya kazi vizuri, kila mtu akilisoma anahisi ameguswa bega. Na kama klabu yenu ni ya dibeti na drama pamoja, msichukue neno la upande mmoja, mkijiita Leta Hoja waigizaji watajiona wapangaji. Tafuteni kitu wanachokitumia wote wawili: jukwaa, sauti, maiki, zamu.

Jina likishapita, chini yake wekeni mstari mmoja wa kawaida kabisa usio na mbwembwe, kwa mfano: Leta Hoja, klabu ya midahalo, hakuna usaili. Haya maneno mawili ya mwisho msiyaache nje kama ni kweli, na kama sio kweli, mna usaili na mnawakata watu wiki ya kwanza, basi msijiite Leta Hoja, maana yule mgeni ataleta hoja yake, mtamrudisha nayo mlangoni, na atawaambia wenzake.